Shangazi katuma picha ya dawa bila neno: umjibu kwa simu, kwa sauti, kwa picha au kwa maandishi?

Picha inaingia WhatsApp. Ni pakti ya vidonge iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza, nusu yake inang'aa kwa mwanga wa mlangoni, na chini yake hakuna hata herufi moja. Aliyeituma ni shangazi aliyeko Kibaigwa, babu wa Mpwapwa au mama mkubwa wa Kondoa. Kwake kuandika kwenye simu ya kupangusa ni kazi ngumu: herufi ni ndogo, kidole kimoja kinagusa mbili kwa pamoja, na simu yenyewe inambadilishia maneno. Kupiga picha na kuituma amejifunza, kwa hiyo picha ndiyo sentensi yake nzima, na wewe uliyeko Dodoma mjini ndiwe wa kuisoma na kuijibu.

Nimechagua picha ya dawa kwa makusudi. Picha za namna hii hutumwa sana na wazee wanaohudhuria kliniki ya presha au sukari, na ukijibu vibaya mtu anameza kidonge kisicho chake. Njia za kumjibu ni nne: kumpigia simu, kumtumia ujumbe wa sauti, kumrudishia picha yake ikiwa imechorwa alama, na kumwandikia maneno machache. Kila moja ina mahali inapofaa. Nitazipitisha zote kwenye maswali yaleyale ili uchague kulingana na mzee wako na jambo lenyewe.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni *kufika*: je, jibu litamfikia kwa mtandao alionao, na bila kumlazimisha anunue bando? La pili ni *kueleweka*: macho yake na masikio yake yatalipokea vipi? La tatu ni *kurudiwa*: saa mbili usiku, wakati wa kunywa dawa, ataweza kulipata tena jibu lako au litakuwa limeshapotea? La nne ni *kujibu*: yeye asiyeweza kuandika atakuambiaje kwamba amekuelewa, au kwamba hajakuelewa?

Hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Tunajali sana tutakachomwambia, kisha tunamwachia mzee njia moja tu ya kurudisha neno, nayo ni ileile ya kuandika iliyomshinda tangu mwanzo. Akikaa kimya tunadhani ameelewa. Kimya chake hakina maana moja. Huenda ameelewa, huenda hajafungua, huenda bando limekwisha, au amefungua na ameona aibu kuuliza mara ya pili.

Kabla ya kujibu, isome picha

Picha ya pakti ya dawa inaweza kubeba angalau maswali manne. "Zimekwisha, nisaidie kununua." "Nimepewa hizi, ndizo zilezile?" "Ninywe ngapi?" "Nimekunywa hizi na sijisikii vizuri." La mwisho halisubiri, na kwenye picha halionekani. Kwa hiyo usianze na jibu. Anza kwa kumjulisha kwamba picha umeiona, halafu umuulize swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana.

Ikuze picha utazame vitu vitatu: jina la dawa lenyewe, ambalo mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara, nguvu yake, kama 5 mg au 10 mg, na vidonge vingapi vimeshatolewa. Pakti yenye mashimo manane matupu inaeleza habari tofauti na pakti ambayo haijaguswa. Mng'ao wa karatasi ya pakti ukificha maandishi, usibuni. Mwombe apige tena akiwa kivulini karibu na mlango, si juani. Jua la mchana la kwetu kanda ya kati likipiga juu ya pakti, kinachotoka kwenye picha ni weupe mtupu.

Njia ya kwanza: kumpigia simu ya kawaida

*Kufika.* Simu ya kawaida haihitaji bando la mtandao, na kwetu anayepokea halipi kitu. Mzee aliyeishiwa bando asubuhi bado unampata mchana. Ujumbe wako ukikaa na tiki moja ya kijivu kwa muda mrefu, ujue haujafika kwenye simu yake, na kuongeza ujumbe mwingine hakusaidii. Piga.

*Kueleweka.* Hapa masikio ndiyo yanayoamua. Uzee kwa kawaida hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na herufi kama s, f, sh na t ni miongoni mwa zinazofifia mapema. Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii sana: irabu zinakuwa kubwa, herufi hizo zinabaki hazisikiki. Shusha sauti iwe nzito kidogo, punguza mwendo, na upumzike baada ya kila wazo. Kuna jozi moja ya namba inayoleta madhara kwenye simu, sita na tisa. Kwenye laini yenye mikwaruzo zinafanana mno. Sema "sita, ile inayofuata tano", kisha umsubiri airudie. Na kama mzee wako amekulia Kigogo au Kirangi nawe unakijua, kitumie bila kusita. Maelezo ya dawa hayahitaji kuongezewa mzigo wa lugha ya pili.

*Kurudiwa.* Hili ndilo pengo kubwa la simu. Ukikata, maneno yamekwenda. Uliyomwambia saa tisa alasiri, ifikapo saa mbili usiku anakumbuka nusu yake, na nusu nyingine anaijaza mwenyewe.

*Kujibu.* Hakuna njia inayoishinda simu hapa. Anauliza papo hapo, anakukatiza, unasikia anasita. Unaweza kumwambia, "Hebu nieleze wewe sasa, usiku utakunywa ipi?" na jibu lake likakuonyesha mahali palipopinda. Muulize hivyo. Usimuulize "Umeelewa?", maana mtu mzima aliyelelewa kwa heshima atakujibu "nimeelewa, mwanangu" hata kama hajaelewa, kwa kuwa hataki kukusumbua kazini.

*Anayefaa.* Mzee anayesikia vizuri, na jambo lolote la haraka: amekunywa dawa asiyoijua, ana kizunguzungu, au picha ina maana zaidi ya moja. Simu ya video nayo imo humu, na humsaidia mzee asiyesikia vizuri lakini anaona midomo yako. Ila inakula bando lake, na inamtaka ashike simu, aelekeze kamera na ashike dawa kwa wakati mmoja. Kama hana mtu wa kumshikia simu, mara nyingi utaishia kutazama dari la nyumba yake.

Njia ya pili: ujumbe wa sauti

*Kufika.* Unahitaji mtandao, lakini faili lake ni dogo, na WhatsApp huushusha wenyewe bila mzee kubonyeza kitu. Picha siyo lazima iwe hivyo. Ikiwa simu imezuiwa kushusha picha, zinabaki ukungu hadi uzibonyeze. Ukiona alama ya maikrofoni imegeuka bluu kwenye ujumbe wako, ujue umeshachezwa. Haikuambii kama umesikika.

*Kueleweka.* Sauti inabeba heshima ambayo maandishi hayaibebi vizuri. Shikamoo yako anaisikia, anakutambua, na anatulia kabla hujafika kwenye dawa. Ujumbe uwe mfupi, kama nusu dakika, na ubebe jambo moja. Mambo yakiwa mawili, rekodi jumbe mbili. Zikifuatana zinacheza moja baada ya nyingine zenyewe. Kuna hitilafu moja inayowatesa wazee kimyakimya: kitufe cha mwendo kilicho pembeni ya ujumbe wa sauti. Kidole kikigusa hapo, sauti inakwenda kwa 1.5x au 2x, na kuanzia hapo kila mtu anaongea kama anakimbizwa. Mzee akikuambia "siku hizi unaongea haraka sana", kabla ya kupunguza mwendo wako, mwombe mtu aliye naye aangalie kama kitufe kimesimama kwenye 1x. Jambo jingine: akiiweka simu sikioni wakati ujumbe unacheza, sauti inahamia kwenye spika ndogo ya sikioni. Anayesikia kwa shida aiweke mezani.

*Kurudiwa.* Hapa sauti inang'ara. Anaweza kuisikiliza tena usiku, na kesho, na mbele ya mhudumu wa duka la dawa. Lakini ili aipate, lazima ijulikane iko wapi. Rekodi ukijibu picha yake ileile: vuta picha hiyo kuelekea kulia, kisha bonyeza maiki. Jibu litakaa likiwa limebeba picha ndogo ya dawa juu yake, na hiyo ndiyo alama atakayoitafuta kwa macho.

*Kujibu.* Naye anaweza kurekodi, kama vidole vinamruhusu kushikilia maiki bila kuiachia. Wengi huiachia mapema, kinafika kipande cha sekunde moja chenye neno "Ha…". Akiwa amefundishwa kupandisha kidole juu mpaka kufuli lifunge, anaweza kuiachia na kuendelea kuzungumza. Kama hilo ni gumu, patana naye kwamba akimaliza kusikiliza akubipu. Kubipu hakumgharimu kitu, wazee wanakijua tangu enzi za vitochi, na kunajibu swali la "umesikia?" vizuri. Swali la "utafanya nini?" halijibiwi kwa bipu. Hilo ni la kupiga simu.

*Anayefaa.* Mzee mwenye mtoto wa jicho au asiyesoma, anayesikia vya kutosha, na ambaye ana la kufanya baadaye, siyo sasa hivi. Angalizo moja: ujumbe wa sauti unachezwa kwa sauti kubwa mbele ya wageni. Ugonjwa ambao mzee hapendi usikike sebuleni usiutaje kwa jina. Sema "ile dawa ya usiku".

Njia ya tatu: kumrudishia picha yake ikiwa imechorwa

*Kufika.* Ni nzito kuliko sauti fupi, na kama simu yake imejaa au haishushi picha zenyewe, ataona ukungu wenye mshale. Wakati wa kulirekebisha hilo ni siku ukienda kumsalimia: futa video zilizojazana kutoka kwenye makundi na uruhusu picha zishuke zenyewe. Usitumie ile picha ya kutazamwa mara moja tu. Akiifungua kisha akaifunga, haipo tena.

*Kueleweka.* Njia hii naipenda kwa sababu inazungumza lugha aliyoichagua mzee mwenyewe. Alikuonyesha kitu, nawe unamwonyesha kitu. Fungua picha yake, ikate ibaki dawa peke yake, maana wazee wengi hawajui kuikuza kwa vidole viwili, kisha chora kwa alama ya kalamu. Chora duara moja tu kwa mstari mnene, kwa rangi inayopingana na kilichopo chini: nyeusi juu ya pakti ya fedha, njano juu ya boksi la bluu iliyoiva. Ukichora maduara matatu na mishale miwili, umeshampa mtihani. Kama ni dawa mbili, weka tiki kwenye moja na X kwenye nyingine, na usiandike zaidi ya tarakimu moja kubwa. Kama unamtumia picha yenye maandishi madogo, ichague itumwe kwa HD, vinginevyo herufi zinafifia njiani.

Duara lakini halisemi lolote peke yake. Mmoja ataliona na kudhani ndiyo dawa ya kunywa, mwingine atadhani ndiyo umeikataza. Kwa hiyo picha iliyochorwa haitembei peke yake. Iambatane na sauti au simu inayosema tiki ni nini na X ni nini.

*Kurudiwa.* Ni nzuri kuliko zote. Picha anaweza kuishikilia mbele ya pakti zenyewe na kulinganisha, usiku wowote. Familia moja ninayoifahamu huichapisha kabisa stesheneri na kuibandika ukutani juu ya kikapu cha dawa, na simu inapoisha chaji ukuta unabaki.

*Kujibu.* Anajibu kwa picha nyingine, na hilo analiweza tayari. Mwambie, "Niwekee dawa ya usiku mkononi, upige picha." Picha hiyo ni uthibitisho bora kuliko neno "sawa".

*Anayefaa.* Asiyesikia vizuri lakini anaona kiasi, na jambo linalohusu *kipi* kati ya vitu viwili vinavyofanana. Haifai kwa jambo linalohitaji sababu au mpangilio wa siku nyingi.

Njia ya nne: maandishi

Maandishi nitayapitia haraka, si kwa kuyadharau, ila kwa sababu matatizo yake ni machache na yanajulikana.

*Kufika.* Yanapita hata mtandao ukiwa dhaifu, na ujumbe wa kawaida wa simu unafika kwenye kitochi bila bando.

*Kueleweka.* Mtu anayeshindwa kuandika si lazima ashindwe kusoma. Wapo wazee walimu wastaafu wanaosoma gazeti zima lakini kibodi ya simu imewashinda. Kwao andika maneno kamili. "Cjui", "xaxa" na "2taongea" ziache kwa rika lako. Saa iandike kama tunavyoisema: "saa 2 usiku". Simu yake inaonyesha 20:00, na mzee akijaribu kuoanisha 20:00 na saa mbili, dawa inaweza kunywewa saa nyingine kabisa. Na usinakili alama za bahasha ya dawa. Ile 1x3 anayoandika mfamasia maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini kuna anayeisoma kama kidonge kimoja kwa siku tatu. Andika: "Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku."

*Kurudiwa.* Yanabaki, na mtu mwingine anaweza kumsomea. Hapo ndipo penye faida na penye gharama pia: anayemsomea ni binti wa jirani, na binti wa jirani sasa anajua habari za kliniki.

*Kujibu.* Dhaifu kuliko zote, maana yanamrudisha kwenye kibodi. Mpe njia nyingine, kama kidole gumba au kubipu.

*Anayefaa.* Msomaji mzuri, au mzee anayeishi na mtu anayeaminika. Na kwa yeyote, mambo yasiyotakiwa kubadilika hata herufi: tarehe ya kliniki, jina la dawa ya kwenda kununua, namba ya simu.

Kisa kimoja, hatua kwa hatua

Shangazi yangu wa Kibaigwa anatumia amlodipine, dawa ya presha. Alasiri moja alituma picha ya pakti, kimya kama kawaida yake. Nilipoikuza nikasoma 10 mg. Miezi yote alikuwa anatumia 5 mg. Picha haikuweza kuniambia kama daktari ameongeza dozi, au 5 mg zilikosekana akapewa 10 mg akate nusu. Kwa macho tu, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Kwa kuwa ni dawa na maana zilikuwa mbili, nilianza na simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona, ahsante kwa kunionyesha. Hii umepewa leo?"

"Leo kliniki."

"Umeshakunywa?"

"Bado, mpaka usiku. Na zile nyingine zipo."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitisha. Boksi la zamani na la sasa yalikuwa ya watengenezaji tofauti, rangi tofauti na majina makubwa tofauti. Mtu asiyesoma herufi ndogo angeona dawa mbili, akanywa zote: 5 na 10, jumla 15, wakati kiwango cha juu cha kawaida cha dawa hiyo kwa siku ni 10. Presha ikishuka kupita kiasi mtu anapata kizunguzungu anapoinuka, na mzee anaweza kuanguka akielekea uani usiku.

Sikumwambia anywe ipi, maana sikujua. Nilimwomba apige picha mbili: pakti zote mbili kando kwa kando karibu na mlango, upande wenye maandishi, na ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki. Zilipofika nikampigia mhudumu wa kliniki yake, akasoma kumbukumbu na kuthibitisha: dozi imeongezwa, 10 mg, kimoja kwa siku, na zile za 5 mg ziachwe. Mtu asiye na namba ya kliniki afike, au amtume mtu, kabla ya saa ya dawa. Mjomba wa mjini mwenye mtandao si mfamasia, nami pia siye.

Ndipo nikachora. Tiki kwenye pakti ya 10, X kwenye ya 5. Nikaituma, na chini yake ujumbe wa sauti: "Shangazi, ni mimi. Dawa yenye tiki, kidonge kimoja, saa mbili usiku baada ya kula. Dawa yenye X usinywe tena. Ukimaliza kusikiliza nibipu." Akabipu. Nikampigia nikamuuliza atakunywa ipi.

"Ile kubwa," akasema.

Boksi kubwa lilikuwa la 5 mg. Kwa mtu anayesikiliza harakaharaka, "kubwa" ingesikika kama 10 na tungeagana kwa furaha. Nilimuuliza kubwa ina rangi gani, akasema ya kijani, na ya kijani ndiyo niliyoiwekea X. Basi tukaachana na namba na ukubwa, tukabaki na rangi. Boksi la kijani aliingize kwenye mfuko wa rambo, afunge fundo, aniwekee pembeni nitalirudisha kliniki nikija. Boksi jeupe libaki kwenye kikapu peke yake. Halafu anipigie picha ya kikapu. Picha ilipofika, kulikuwa na boksi moja, jeupe. Hapo ndipo nilipohesabu kwamba nimejibiwa.

Kosa lile lisingejitokeza kwa tiki za bluu, wala kwa maiki ya bluu, wala kwa bipu. Lilijitokeza kwa sababu yeye ndiye aliyeombwa aeleze kwa maneno yake. Na kikapu chenye boksi moja kilifanya kazi ambayo maelezo yangu yote yalikuwa yanaizunguka tu.

Uchague ipi, kulingana na hali

*Hujui picha inauliza nini, au ni dawa na huna uhakika.* Piga simu kwanza. Ukiwa kazini huwezi kuongea, tuma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi: umeiona, asinywe kitu kipya kwa sasa, utampigia saa fulani. Kisha upige saa hiyohiyo.

*Anasikia vizuri, macho yamechoka.* Ujumbe wa sauti ukijibu picha yake, na simu moja ya kumsikia akieleza.

*Anaona, masikio yamechoka.* Picha iliyochorwa, pamoja na maandishi makubwa ya maneno matatu au manne. Jibu lake liwe picha.

*Macho na masikio yote yamechoka.* Hakuna kati ya hizi nne inayotosha. Tafuta mtu mmoja wa karibu, mzee mwenyewe akikubali, mkubaliane naye kwamba dawa ndiye anayezipanga. Maelezo mtumie yeye, na mzee mpigie kwa ajili ya salamu na kumjulisha mlichokubaliana.

*Amekunywa kisicho chake, au anasikia vibaya.* Usichore, usirekodi. Mpigie, na mtu wa karibu ampeleke kituo cha afya na mapakti yote mkononi, yakiwemo matupu.

*Ametuma kwenye kundi la ukoo badala ya kwako.* Usijibu maelezo ya dawa pale. Andika tu "Tumeiona shangazi, nakupigia", ndugu wengine watulie na wasimwongezee majibu matano yanayopingana. Kama picha imeshika daftari la kliniki, kitambulisho cha NIDA au karatasi yenye namba ya siri, mwambie kwa upole kwenye simu na umsaidie kuifuta kwa wote mapema, kwa kuwa nafasi hiyo ina kikomo cha muda.

*Picha haina swali.* Ni uwele umetoa masuke, au mbuzi amezaa mapacha. Hapo hakuna cha kuchora. Rekodi ujumbe wa sauti, msalimie, umuulize mapacha ni majike au madume, na umwache akujibu kwa picha nyingine.